Milioni 75 za kiinua mgongo na miaka 15 ya kuishi: hesabu ya mtu wa Wete asiyetaka riba

*Assalaam alaykum. Nina miaka 50, nimefanya kazi ya fundi wa mafriji na viyoyozi katika hoteli Unguja kwa miaka mingi. Hoteli inapunguza watu na mimi nimo. Nitalipwa milioni 75 taslimu. ZSSF wamenikisia pensheni ya 300,000 kwa mwezi nikifika miaka 60. Nimerudi kwetu Wete, nyumba ninayo na nyuma yake kuna nafasi. Matumizi yetu ni 600,000 kwa mwezi, mtoto mmoja bado yuko skuli. Ndugu wananambia ninunue gari ya abiria, wengine wanasema mikarafuu, wengine vyumba vya kukodisha. Riba sitaki. Nizifanyeje hizi pesa zinifikishe angalau miaka 65?*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Gari, mikarafuu na vyumba viache kwanza, nitavirejea. Tuanze na kipimo kimoja kitakachokusaidia katika kila uamuzi.

Matumizi yako ni 600,000 kwa mwezi, yaani milioni 7.2 kwa mwaka. Basi kila milioni 7.2 utakayoitoa mkononi ni mwaka mmoja wa chakula, umeme, skuli na dawa. Mtu akikuomba umkopeshe milioni tatu na nusu, anakuomba karibu miezi sita ya maisha yako. Ukiona umuhimu wa kumpa, mpe, lakini ujue unampa nini.

Toa milioni 3 kwa ajili ya vifaa vya kazi, nitaeleza kwa nini. Zinabaki 72. Ukizigawa kwa 7.2 unapata miaka 10 kamili. Hesabu hii nyepesi ni sahihi kwa sharti moja, kwamba pesa zako ziwe zinapata faida sawasawa na kasi ya kupanda kwa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 4 na pesa zikazaa asilimia 4, thamani yake inakaa palepale, nawe unaweza kufanya hesabu zote kwa shilingi ya leo. Nimechukua 4 kwa sababu Benki Kuu ya Tanzania hulenga mfumko wa bei ukae baina ya asilimia 3 na 5.

Pesa ukiziweka ndani ya nyumba au katika akaunti isiyopata kitu, miaka 10 haifiki. Kwa kasi hiyo ya asilimia 4, matumizi ya 600,000 ya leo yatakuwa kama 888,000 utakapofika miaka 60, na zaidi kidogo ya milioni moja ukifika 65. Chakula ni kilekile, nyumba ni ileile.

Hapo ndipo pensheni inapowahadaa wengi. Ukisikia 300,000 leo unaona ni nusu ya matumizi yako. Lakini hizo 300,000 zitaanza kuja wakati matumizi ni 888,000, kwa hiyo ni theluthi tu, na kama kiwango hakitopandishwa, kila mwaka kitakuwa kinapungua nguvu. Kwa shilingi ya leo, pensheni yako ya miaka mitano, kuanzia 60 hadi 65, ni kama milioni 11 kwa jumla.

Sasa tuiweke hesabu nzima pamoja. Miaka 15 kwa milioni 7.2 ni milioni 108. Una 72 mkononi na 11 za pensheni, jumla 83. Pengo ni milioni 25. Namba hiyo ndiyo jibu la swali lako, kwa sababu inakwambia kwamba kiinua mgongo peke yake hakikufikishi 65, na pia kwamba hakihitaji muujiza. Ukilitandaza pengo hilo katika miaka 10 kabla ya pensheni, ni milioni 2.5 kwa mwaka, kama 208,000 kwa mwezi. Ukifanya kazi siku 26, ni 8,000 kwa siku, baada ya nauli na vifaa.

Kwa fundi wa mafriji hilo linawezekana bila ya duka na bila ya kuajiri mtu. Zile milioni 3 ni za pampu ya kuvutia hewa, geji, mtungi wa gesi, vifaa vya kuchomelea mabomba ya shaba na pikipiki iliyotumika ikiwa huna. Usizidishe hapo. Kosa la kawaida la mtu aliyetoka kazini na mamilioni ni kufungua karakana kubwa kabla ya kuwa na wateja, kodi ya fremu na mishahara ikaanza kula mtaji mwezi wa kwanza. Na shilingi ya leo ikipungua thamani, bei yako ya kazi ipandishe nayo. Fundi anayetoza mwaka wa tano kile alichotoza mwaka wa kwanza anajipunguzia mshahara mwenyewe.

Kwa hiyo katika miaka 10 ya mwanzo utachota kwenye akiba kama 390,000 kwa mwezi, si 600,000. Zilizobaki zitatoka kwenye kazi.

Twende kwenye riba, kwa sababu wewe umeifungia mlango na hilo linabadilisha hesabu. Mtu mwingine ningemweleza hatifungani za Serikali zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu. Kwako zinabaki njia mbili kubwa: akaunti za mudharaba na sukuk.

Mudharaba ni ubia. Wewe unatoa mtaji, benki inafanya biashara, faida mnagawana kwa fungu mliloandikiana mwanzo. Dirisha la Ikhlas la Benki ya Watu wa Zanzibar na Amana Benki ni katika wanaofanya kazi kwa misingi hii. Ukienda, usiulize “mnatoa asilimia ngapi”, kwa sababu anayekuahidi namba kamili kabla ya biashara kufanyika ameshatoka kwenye mudharaba. Uliza mambo manne. Fungu langu la faida ni lipi na fungu la benki ni lipi? Katika miezi 12 iliyopita, akaunti kama hii ililipa kiasi gani hasa, mwezi kwa mwezi au robo kwa robo? Nikizivunja kabla ya muda ninapoteza nini? Na faida inakatwa kodi ya zuio kiasi gani kabla ya kunifikia? Majibu yaandikwe. Ofisa asiyeweza kukuonesha malipo ya mwaka uliopita anakuuzia matumaini.

Kuna jambo ambalo washauri wengi wa fedha hawalitaji, nalo ni zaka. Pesa zako zikivuka nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu kwa bei ya siku hiyo, na zikatimiza mwaka wa Kiislamu, zinatolewa asilimia 2.5. Kwa hiyo pesa iliyokaa benki inapungua mara mbili kila mwaka, mara moja kwa bei kupanda na mara ya pili kwa zaka. Ili thamani yake isishuke, faida inayokufikia mkononi lazima iwe kama asilimia 6.7. Ikikatwa kodi ya asilimia 10, benki lazima iwe imekugawia kama 7.4.

Je, ukipata asilimia 5 tu? Nimeipiga. Kwa uchotaji uleule, ukifika 60 utabaki na kama milioni 18 za shilingi ya leo badala ya 25, na zitaisha ukiwa na miaka 63 na nusu hivi. Si balaa, lakini ni mwaka mmoja na nusu uliopotea kwa sababu ya tofauti ambayo kwenye karatasi ya benki inaonekana ndogo. Hapo una mambo mawili ya kufanya: kazi iingize zaidi kidogo, au sehemu ya mali iwe katika kitu kinachopanda na bei na kisichotolewa zaka juu ya thamani yake. Ndiyo maana ya vyumba, na nitavifikia.

Sukuk ni hati ya umiliki wa fungu katika mali, na unacholipwa ni fungu lako la kodi au mapato ya mali hiyo, mara nyingi kila miezi sita. Serikali ya Mapinduzi ilitoa sukuk yake ya kwanza mwaka 2025. Zinauzwa kwa matoleo, yaani dirisha linafunguliwa kwa wiki chache na kufungwa, halafu anayetaka hununua kwa mwenye nazo kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kuzinunua unahitaji akaunti ya hati za soko, ambayo hufunguliwa na dalali aliyesajiliwa au benki wakala kwa kitambulisho, picha na namba ya akaunti ya benki. Ifungue mapema, usingoje toleo litangazwe. Sharti la kulikumbuka ni kwamba sukuk ya miaka saba haivunjwi kama akaunti. Ukizihitaji kabla, lazima umpate mnunuzi, na soko letu ni dogo, unaweza kungoja au kuuza kwa hasara. Kwa hiyo pesa za kula miaka mitano ijayo hazikai humo.

Sasa tuzigawe milioni 72.

Milioni 10 ziwe karibu nawe, katika akaunti ya kawaida isiyo na riba. Karibu nusu ni uchotaji wa mwaka wa kwanza, nusu ni dharura: maradhi, msiba, paa kuvuja. Jipangie siku moja ya mwezi, benki ihamishe 390,000 kwenda kwenye akaunti ndogo au pesa za simu, na kadi ya akaunti kubwa ikae kabatini. Miezi michache ya mwanzo, kabla wateja hawajakuzoea, utachota zaidi.

Milioni 21 ziende mudharaba ya muda maalumu, lakini zisiwe fungu moja. Zigawe mafungu manne, ya mwaka mmoja, miwili, mitatu na minne, kuanzia kama milioni 4.9 hadi 5.5, la mbali likiwa kubwa kidogo kwa sababu bei zitakuwa juu. Kila mwaka fungu moja linaiva na ndilo mshahara wako wa mwaka unaofuata. Hutovunja kitu na hutopoteza faida. Benki ikiwa haina muda wa miaka mitatu au minne, weka wa mwaka mmoja na uuhuishe, lakini uandike pembeni fungu hili ni la mwaka gani.

Usiziweke zote benki moja. Bodi ya Bima ya Amana hulipa hadi milioni 7.5 kwa mteja katika kila benki ikiwa benki imefilisika. Juu ya hapo unasubiri mali ya benki iuzwe. Uliza pia kama akaunti yako ya mudharaba inahesabiwa katika kinga hiyo, maana mudharaba ni mtaji wa ubia, si mkopo kwa benki.

Zinabaki milioni 41, za kuanzia mwaka wa sita na kuendelea. Maoni yangu ni kuweka nusu katika sukuk na nusu katika vyumba nyuma ya nyumba yako, kwa masharti.

Vyumba vina sifa mbili. Kodi yake hupanda na bei, na kwa rai ya wanazuoni wengi jengo la kukodisha halitolewi zaka kwa thamani yake, bali kodi unayoiweka akiba. Lakini jengo haliliwi kidogokidogo. Milioni 20 ukizila kwa miaka 15 zinakupa kama 111,000 kwa mwezi za shilingi ya leo. Kwa hiyo vyumba vya milioni 20 lazima vikuachie karibu kiasi hicho safi, ama sivyo vinakunyang’anya chakula. Tuseme umejenga viwili na unakodisha 70,000 kila kimoja. Ni 140,000 kwenye mazungumzo. Hesabu miezi 10 ya kulipwa kwa mwaka, kwa sababu mpangaji huhama na mwengine huchelewa, toa 130,000 kwa mwaka za rangi, vitasa na choo, unabaki na kama 106,000 kwa mwezi. Ni pungufu kidogo, lakini ukifika 65 vyumba bado vipo. Hilo nalikubali. Kama kwa mtaa wako kodi ni 40,000, usijenge, ongeza sukuk au mudharaba. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, uliza wapangaji watatu wa jirani wanalipa kiasi gani na vyumba hukaa vitupu muda gani. Kisha jenga kimoja mpaka kikodishwe, ndipo uanze cha pili. Majengo yaliyokwama kwenye linta ndiyo makaburi ya viinua mgongo hapa visiwani.

Nasema nyuma ya nyumba yako kwa makusudi. Ukinunua kiwanja kipya unaingia kwenye ardhi, na Zanzibar ardhi ni ya Serikali, unachomiliki ni haki ya kuitumia. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa kwa sheha si hati. Viwanja vingi vya pembezoni vimekatwa kutoka eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na eka tatu hazikutolewa ili ziuzwe. Muulize muuzaji asili ya kiwanja, halafu uthibitishe Kamisheni ya Ardhi kabla ya kutoa arubuni, si baada.

Mikarafuu sina ugomvi nayo, lakini muda hauko upande wako. Mche huanza kuzaa baada ya miaka sita au minane, na hushika hasa baada ya miaka 15 na kuendelea. Utakuwa umewapandia wanao, jambo zuri, ila silo ulilouliza. Wanaokushauri huenda wanakusudia kukodi mikarafuu ya mtu kabla ya msimu. Karafuu haizai sawa kila mwaka, mwaka mmoja hujaa na unaofuata hutoa kiasi kidogo, na anayekodi hulipa kwa kukisia maua ambayo hayajaonekana. Juu ya hasara, kununua tunda kabla halijaanza kuiva kuna makatazo yanayojulikana, nawe umesema unajali halali. Kama unataka karafuu zilizokwisha kuchumwa, waulize kwanza ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, kama sheria inakuruhusu kuzinunua, na mtaji usizidi milioni moja wala usitoke kwenye mafungu ya kula.

Gari ya abiria nitaisemea kwa ufupi. Kila siku inapoingiza pesa, inajila yenyewe. Sehemu ya “faida” unayoletewa jioni ni kipande cha gari lako. Mwenye gari asiyetenga pesa za injini na matairi huona biashara nzuri miaka miwili, kisha hubaki na chuma uani. Wewe si dereva wala si makanika wa magari. Ipite.

Hija ukiwa hujaenda, nenda, lakini gharama yake iondoe kwenye 72 kabla ya kugawa, na ukumbuke kipimo chetu: kila milioni 7.2 ni mwaka. Uwezo unaotajwa katika Hija ni pamoja na kuwaachia unaowalea matumizi yao.

Kazi ya kila mwaka ni moja tu. Chagua tarehe yako ya zaka, na siku hiyohiyo uhesabu kila kitu: benki, sukuk, na vyumba kwa gharama ya ujenzi ikiongezwa asilimia 4 kila mwaka. Ukifuata mpango, mwaka mmoja kutoka sasa jumla iwe karibu milioni 70. Ukifika miaka 53 iwe karibu 65, ukifika 55 karibu 59, na siku unayoanza pensheni karibu 37. Hizi ni shilingi za wakati huo, si za leo. Ukikuta upungufu wa milioni moja au mbili, usihangaike. Ukikuta upungufu wa milioni tano, punguza uchotaji kwa 40,000 kwa mwezi mwaka huohuo. Anayegundua akiwa na miaka 53 hurekebisha kwa vocha na nauli. Anayegundua akiwa na 61 huuza nyumba.

Kabla hujamalizana na hoteli, dai mchanganuo wa zile milioni 75 kwa maandishi: ipi ni ya notisi, ipi ya likizo, ipi kiinua mgongo, na kodi iliyokatwa. Nenda ofisi ya ZSSF Chake Chake uchukue taarifa ya michango na uilinganishe na hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Miezi ambayo mwajiri alikata na hakupeleka hudaiwa kwa wepesi zaidi akiwa bado anakuhitaji usaini karatasi zake. Waulize pia kama mpango wao wa hiari unakufaa kuendelea kuchangia, na hiyo 300,000 itakuwaje ukichangia na usipochangia.

Na miezi mitatu ya matumizi, 1,800,000, iwe katika akaunti ya jina la mkeo, kutoka kwenye zile milioni 10. Ukifa, akaunti zako hufungwa mpaka mirathi ipite kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na hilo huchukua muda. Mwandikie kwenye daftari moja kila benki, kila fungu linaiva lini, na jina la dalali wa sukuk, na umuoneshe daftari linakaa wapi.